MICHANGO YA MATIBABU SI PATO: NAMNA YA KUITHIBITISHA

Watumishi wa Serikali na wakaazi wanaarifiwa kwamba Sheria ya Kodi ya Mapato ya mwaka 2004, inayotumika pia Zanzibar, hutoza pato litokanalo na ajira, biashara au uwekezaji. Mchango wa jamaa na majirani kwa ajili ya mgonjwa hautokani na chochote kati ya hivyo, na kwa hivyo si pato. Lakini zawadi inayotolewa kwa sababu ya biashara huhesabiwa kuwa pato la biashara hiyo. Hapo ndipo suala huzuka.

Chukuliwe mfano wa mwenye duka ambaye mwanawe amepewa rufaa ya kutibiwa nje ya kisiwa. Michango ya shilingi 6,400,000 inapokelewa katika akaunti ileile ya duka. Mwisho wa mwaka, taarifa ya benki inaonesha mapokezi ya shilingi 18,600,000, ilhali daftari la mauzo lina 12,200,000. Mkaguzi wa kodi ana haki ya kuihesabu tofauti hiyo kuwa mauzo yaliyofichwa, kwani benki huonesha fedha zilizoingia, haioneshi nia ya aliyezitoa.

Wajibu wa kuthibitisha ni wa mlipakodi. Kwanza, aoneshe haja: barua ya rufaa na makadirio ya gharama, vyenye tarehe iliyotangulia michango. Pili, aoneshe watoaji: orodha ya jina, tarehe na kiasi, inayolingana na taarifa ya benki mstari kwa mstari. Mchangiaji ambaye pia ni mteja wa duka aandike kwa mkono wake kwamba fedha zile hazikuwa malipo ya bidhaa. Tatu, aoneshe matumizi: stakabadhi za hospitali shilingi 5,100,000, na za safari na malazi 1,000,000. Salio la 300,000 lionekane limerejeshwa, au limepewa mgonjwa mwingine kwa ridhaa ya wachangiaji. Likinunuliwa bidhaa za duka, maelezo yote hutiliwa shaka.

Ikiwa kodi imekwisha kukadiriwa, maelezo ya mdomo hayatoshi. Pingamizi la maandishi hupelekwa kwa Kamishna Mkuu wa Mamlaka ya Mapato Tanzania ndani ya siku 30 tangu kupokea uamuzi. Huambatana na malipo ya kodi isiyobishaniwa au theluthi moja ya iliyokadiriwa, kwa kiasi kilicho kikubwa zaidi, isipokuwa Kamishna akipunguza au kusamehe kwa sababu ya msingi iliyoombwa.

Mtumishi atambue kwamba fedha alizopewa na wenzake kutoka mifukoni mwao ni mchango, ila zilizotolewa na mwajiri huangaliwa kwa masharti ya pato la ajira.

Aliye na mgonjwa anashauriwa kufungua akaunti ya pekee kabla ya kupokea mchango wa kwanza, na kuhifadhi nyaraka zote kwa miaka isiyopungua 5.