Dondoo muhimu: Simu kama rimoti za mchezo sebuleni

Katika michezo ya Jackbox, kama Quiplash, mchezo hufunguliwa kwenye kompyuta moja iliyounganishwa na televisheni, na kila mchezaji huandika majibu yake kwenye simu. Wengi hudhani simu zote lazima ziwe kwenye waifai ya nyumba. Sivyo. Simu haizungumzi na kompyuta moja kwa moja. Zote mbili huzungumza na seva ya Jackbox kwenye intaneti. Ndiyo maana mgeni anayetumia bando lake hufungua jackbox.tv kwenye kivinjari, akaandika herufi nne za chumba zilizo kwenye skrini na jina lake, akaingia kama wengine.

Mtu atasema bando litaisha. Kwa michezo ya kuandika hofu hiyo ni kubwa kuliko gharama yenyewe, kwani kinachosafiri zaidi ni maandishi mafupi. Picha na sauti hubaki kwenye televisheni. Laini inayostahili kulindwa ni ya kompyuta, tena kwa waya ikiwezekana, maana ikikatika hiyo wachezaji wote husimama.

Simu moja ikiganda wakati nyingine zinaendelea, kosa liko kwenye simu hiyo, na mara nyingi skrini ilijizima. Mwenyewe apakie ukurasa upya, kwa kivinjari kilekile na jina lilelile, ili arudi kwenye nafasi yake. Kabla ya kuanza, kila mmoja aongeze muda wa skrini kukaa wazi.