Kodi ya mauzo haihesabiwi kwenye droo

Swali: Nina duka Ruiru, bidhaa nanunua Thika. Mwezi uliopita nilibaki na shilingi 30,000 kwenye droo, lakini kodi ya mauzo ikawa 6,000. Nilitarajia 900. Nimeonewa?

Jibu: Hapana, dada. Tangu Julai 2023 kodi hiyo ni asilimia 3 ya mauzo yote, si ya kilichobaki. Umeniandikia kwamba uliuza 200,000. Zile 150,000 za bidhaa za Thika na 20,000 za pango hazitolewi kwanza, na hapo ndipo wenye faida nyembamba huumia. Unaweza kuiandikia KRA uhamie kodi ya faida, ila utahitaji risiti za kila ununuzi. Kwa sasa, lipa kabla ya tarehe 20.