Kikokotoo cha Bei kwa Maduka ya Uchapishaji

Familia iliyofiwa inapoingia katika duka la uchapishaji mjini Kianyaga kuulizia vijitabu vya mazishi, huwa inataka bei papo hapo. Wenye maduka wengi hutaja bei moja kwa kila nakala. Hapo ndipo hasara huanzia.

Chukua mfano wa kijitabu cha kurasa 8, karatasi ya A4 iliyokunjwa katikati, jalada likiwa la rangi na kurasa za ndani nyeusi. Kila karatasi hubeba kurasa 4, hivyo nakala moja hutumia karatasi 2. Tuseme karatasi ni Sh1.40, upande wa rangi Sh10, upande mweusi Sh2, kukunja na kupiga stepla Sh3. Nakala moja itamgharimu mwenye duka Sh21.80. Juu ya hiyo kuna Sh1,000 za kupanga maandishi na picha, kazi isiyobadilika hata idadi ya nakala ikibadilika.

Kwa nakala 200, gharama ni Sh5,360. Akitoza Sh40 kila nakala atapokea Sh8,000, na kazi imemlipa. Jirani akija kesho yake kutaka nakala 50 kwa bei hiyohiyo, atalipa Sh2,000 ilhali gharama ni Sh2,090. Duka limejaa wateja, lakini pesa za kununua wino hazipatikani.

Kikokotoo huzuia jambo hili kwa kutenganisha gharama hizo mbili. Kinaweza kutengenezwa kwa Google Sheets hata kwenye simu. Idadi ya nakala huandikwa B1, idadi ya kurasa B2, kisha:

```
B3: =CEILING(B2,4)/4
B4: =1000+B1*(B3*1.4+10+(B3*2-1)*2+3)
B5: =B4/0.7
```

B3 ni idadi ya karatasi kwa kila nakala. Mteja akitaka kurasa 10, hesabu hupanda hadi 12, kwa kuwa hakuna nusu karatasi katika kijitabu cha kukunja. Ni vyema aambiwe mapema ili aongeze picha au apunguze maneno. B4 ni gharama, na B5 ni bei yenye faida ya asilimia 30. Hapo tunagawanya kwa 0.7. Ukizidisha gharama kwa 1.3, faida itakuwa kama asilimia 23 tu ya bei. Kwa nakala 50, B5 hutoa Sh2,985.71, yaani karibu Sh60 kila moja.

Tarakimu inayodanganya zaidi ni ya wino. Idadi ya kurasa iliyoandikwa kwenye boksi la tona nyeusi kwa kawaida hukadiriwa kwa ukurasa uliofunikwa na wino kwa asilimia 5 hivi, na picha ya marehemu hufunika zaidi ya hapo. Afadhali mwenye duka ahesabu kurasa alizochapa hadi tona ikaisha, agawanye bei ya tona kwa idadi hiyo, na arudie hesabu kila anaponunua nyingine.