Ngozi ya Mbuzi Isikuozee

Ukichinja mbuzi, ngozi yake ni fedha, lakini ukiitandaza chini juani utaipoteza. Jua kali hukausha sehemu ya juu haraka, unyevu ukabaki ndani na kuiozesha. Ikaushe kivulini, hakuna cha kununua.

Pasua kwa kisu mstari mmoja tumboni, kisha chuna kwa ngumi, maana kila tundu hupunguza bei. Osha damu na udongo, ukwangue mafuta na nyama. Ndani ya saa 4 baada ya kuchinja, iwambe kwa kamba katikati ya fremu ya fito, chini ya paa linalopitisha upepo. Inyooke tu, ukiikaza mno itachanika. Kesho yake vuta manyoya: yakinyofoka, inaoza.

Wakati wa mvua haikauki vizuri. Tumia chumvi: ngozi mbichi ya kilo 2 huhitaji gramu 800, zipakwe upande wa nyama. Uliza kwanza bei ya mnunuzi, usije ukanunua chumvi kwa hasara.

Mnyama aliyekufa mwenyewe usimchune kamwe. Huenda ni kimeta, nacho huua watu. Mwite ofisa mifugo.