Tiketi za Mapema za Tamasha: Soma Tarehe na Yaliyomo Kabla ya Kulipa

Msimu wa matamasha ya Desemba unapokaribia, waandaaji huanza kuuza tiketi za mapema kwa bei nafuu. Bei hizo hupangwa kwa madaraja, na kila daraja lina mwisho wake na huduma zake. Wakazi wanashauriwa kuangalia mambo hayo mawili kabla ya kulipa.

La kwanza ni mwisho wa mauzo. Daraja linaweza kufungwa tarehe ikifika au tiketi zikiisha, kutegemea lipi litatangulia. Kwa hivyo tangazo likisema "hadi 30 Septemba au zitakapoisha", bei hiyo inaweza kuondolewa hata wiki mbili kabla. Maneno "saa sita usiku" nayo huwachanganya wengi, kwa kuwa hayaonyeshi iwapo ni usiku wa kuamkia tarehe hiyo au wa kuimaliza. Mkazi asiye na hakika alipe siku moja mapema. Mara nyingi kinachohesabiwa ni wakati malipo yalipopokelewa, wala si wakati mnunuzi alipoanza kujaza fomu.

La pili ni kile ambacho bei inagharamia. Tuchukue mfano wa tamasha la siku tatu, Ijumaa hadi Jumapili. Daraja la kwanza ni shilingi 1,000, hadi 30 Septemba, kwa kiingilio cha siku moja. Daraja la pili ni shilingi 2,400, hadi 15 Novemba, kwa siku zote tatu. Langoni, kila siku ni shilingi 1,500. Maegesho na chakula havimo katika bei yoyote.

Mume na mke wanaotaka kuhudhuria siku zote wananunua daraja la kwanza kwa shilingi 2,000, wakidhani ni la siku tatu. Jumamosi na Jumapili wanalazimika kulipa langoni shilingi 6,000 zaidi, na jumla inakuwa 8,000. Daraja la pili lingewagharimu 4,800, yaani wamepoteza shilingi 3,200. Lakini kama wangehudhuria Jumamosi pekee, daraja la kwanza ndilo lingewafaa. Tiketi ya bei ya chini si lazima iwe nafuu. Kwanza hesabu siku utakazokwenda.

Kabla ya kuweka nambari ya siri ya M-Pesa, hakikisha jina linaloonekana ni la mwandaaji. Baada ya kulipa, hifadhi ujumbe wa malipo, tiketi yenyewe na picha ya tangazo lililoonyesha bei na huduma. Soma pia iwapo tiketi inaweza kurejeshewa pesa au kupewa mtu mwingine, kwani nyingi za bei ya mapema hazirejeshewi.

Huduma iliyotangazwa ikikosekana, kumbukumbu hizo ndizo ushahidi. Sheria ya Kulinda Watumiaji ya mwaka 2012 inakataza kumweleza mnunuzi habari za uongo kuhusu huduma anayouziwa.