Aliyebadilisha Nepi Ndiye Anayeandika
Kijitabu cha wazazi wa mtoto wa kwanza wanaotumia programu ya simu

Kijitabu hiki ni cha mama na baba waliopakua programu ya kuandika saa za kunyonya na kulala za mtoto mchanga, nayo inafanya kazi kwenye simu zenu zote mbili. Programu hizo zinasaidia. Mzazi ambaye hajalala hakumbuki kama mtoto alinyonya saa saba au saa tisa usiku, wala alinyonya titi lipi.

Hata hivyo, hapa kituoni tunapokea watoto wa siku nne au tano waliokauka maji, wa njano mpaka miguuni, waliolegea kiasi cha kushindwa kunyonya, huku simu ya mzazi ikionyesha kwamba kila kitu kinakwenda vizuri. Mara nyingi kosa limetokana na nepi moja kuandikwa na watu wawili.

Kwa hiyo mlishike hili kabla ya jingine lolote: aliyebadilisha nepi ndiye anayeandika, na anaandika papo hapo. Mwingine haandiki.

Kwa nini nepi

Dakika za kunyonya hazituambii mtoto amepata maziwa kiasi gani. Mtoto anaweza kukaa kwenye titi dakika arobaini akiwa amesinzia, hamezi kitu, na simu ikaandika dakika arobaini. Mkojo haudanganyi hivyo. Kilichoingia ndicho kitakachotoka.

Siku ya kwanza tunataka angalau nepi moja yenye mkojo, siku ya pili mbili, siku ya tatu tatu. Kuanzia siku ya tano tunataka sita au zaidi, mchana na usiku pamoja. Choo nacho kinabadilika: huanza cheusi cha kunata, kikawa cha kijani, na kufikia siku ya tano kiwe cha njano. Kama siku ya tano bado ni cheusi, mpelekeni kituoni siku hiyohiyo.

Nepi za kutupa zinanyonya sana, na mzazi mgeni hajui iliyolowa ikoje. Chukua nepi kavu, mimina maji vijiko vitatu vikubwa vya chakula, kisha ishike mkononi. Uzito huo ndio unaoutafuta.

Jinsi nepi tatu zinavyogeuka saba

Chukueni mfano wa nyumba yenye mtoto wa siku tano. Usiku, kabla ya saa sita, wazazi wanafungua simu na kuona nepi saba za mkojo kwa siku ya leo. Wanafurahi, wanamwacha mtoto alale. Tuzipitie moja moja.

Ya alfajiri ni ya kweli. Ya saa nne asubuhi mama aliibadilisha na kuiandika. Baba aliporudi kutoka kazini aliiona kwenye ndoo, akadhani imesahaulika, akaiandika tena. Saa moja jioni baba alibadilisha nyingine akaandika, lakini bando lilikuwa limekwisha, kwa hiyo maandishi yakabaki kwenye simu yake. Akamwambia mama kwa mdomo, mama naye akaandika kwenye yake. Bando liliporudi, zote mbili zikajitokeza. Programu haikuweza kujua kuwa ni nepi ileile, kwa sababu kila mmoja aliandika kwa saa yake.

Ya sita aliibadilisha bibi. Ilikuwa na choo tu, lakini aliyeandika alibonyeza alama ya mkojo. Ya saba ni ya jana. Ilibadilishwa saa mbili usiku, na asubuhi mtu akaingiza 02:00 kwa tarehe ya leo.

Toeni mbili zilizorudiwa, toeni ya choo, toeni ya jana. Zinabaki tatu, na mtoto huyu alipaswa kuwa na sita. Ana njaa, na hana nguvu ya kulia. Ndiyo maana amelala kimya.

Nyumba hii haina mzazi mzembe hata mmoja. Kila mmoja alikuwa anamsaidia mwenzake. Ndiyo maana tunarudia: aliyebadilisha nepi ndiye anayeandika. Kama umeambiwa kwa mdomo, usiandike. Kama umeiona kwenye ndoo, usiandike. Akibadilisha bibi au dada wa kazi, basi mkabidhini mzazi mmoja kazi ya kuandika kwa niaba yake siku hiyo, na amuulize: ulikuwa mkojo, choo, au vyote viwili?

Saa ya simu na saa yetu

Simu nyingi zinahesabu saa kuanzia saa sita usiku. Saa mbili usiku kwenye simu ni 20:00. Ukiona 02:00, hiyo ni saa nane usiku. Ukiandika papo hapo, simu inaweka saa yenyewe na hukosei. Makosa yanakuja pale mtu anapojaza baadaye kwa kukumbuka.

Bando likiisha

Tumieni daftari moja, likae pale anapobadilishwa mtoto.

Kulala

Mchoro wa usingizi unawadanganya wazazi wengi. Wanaona mstari mrefu wa saa tano bila kuamka wanasema mtoto wetu ni mtulivu. Katika wiki ya kwanza huo si ushindi. Mtoto mchanga ananyonya mara 8 hadi 12 kwa mchana na usiku. Mpaka arudishe uzito aliozaliwa nao, kwa kawaida ndani ya wiki mbili, msimwache apitishe saa tatu mchana wala saa nne usiku bila kunyonya. Mwamsheni: mfungueni nguo, mbadilisheni nepi, mgusisheni titi mdomoni. Saa hizo zinahesabiwa tangu alipoanza kunyonya mara iliyopita, si tangu alipomaliza.

Na akilia kwa njaa kabla ya kengele ya simu, anyonye. Kengele ni ya kumwamsha aliyelala, haimzuii mwenye njaa.

Mlazeni chali kila anapolala.

Mnapopokezana zamu

Anayekwenda kulala na anayeamka waifungue programu pamoja kwa dakika moja. Programu nyingi za kushirikiana zinaonyesha ni simu gani iliyoandika. Mkiona nepi mbili zilizokaribiana kutoka simu mbili, ulizaneni, na kama ni moja futeni moja. Mkishindwa kukumbuka, futeni. Ni heri hesabu ipungue mkamwangalie mtoto kuliko izidi mkamwacha. Tena tunasema: aliyebadilisha nepi ndiye anayeandika, papo hapo, mwingine haandiki.

Wekeni simu chini, nendeni kituoni sasa hivi

Simu iseme inavyosema, msingoje asubuhi mkiona lolote kati ya haya: mtoto hanyonyi au ameacha kunyonya vizuri, amelegea, anajongea tu akiguswa, ana degedege, anapumua mara 60 au zaidi kwa dakika, au kifua kinabonyea ndani anapovuta pumzi, joto limefika 37.5 au liko chini ya 35.5, viganja au nyayo ni za njano, au umanjano umeanza siku ya kwanza ya kuzaliwa, kitovu kinatoa usaha au wekundu umesambaa kwenye ngozi. Msimpe maji, wala glukosi, wala dawa ya dukani. Kama anaweza kunyonya, anyonye njiani.

Akiwa mzima lakini nepi zake ni pungufu ya tulizotaja, mleteni siku hiyohiyo apimwe uzito na mhudumu amwangalie anavyonyonya. Njooni na kadi ya kliniki na simu zote mbili. Mhudumu ataanza kwa kuuliza amekojoa mara ngapi tangu jana saa hizi, na ni nani aliyebadilisha kila nepi.