Kupanga Kitabu cha Zabuni kwa Mfuatano wa Alama

Wazabuni wengi wa mashinani hupoteza zabuni wakiwa na vyeti vyote vinavyohitajika. Vyeti vimo kitabuni, lakini vimewekwa mahali ambapo mtathmini hakutarajia kuvipata.

Kamati ya tathmini haitoi alama kwa jinsi inavyopendezwa na kampuni. Sheria ya Ununuzi wa Umma na Uuzaji wa Mali ya mwaka 2015, kifungu cha 80, inaitaka itumie vigezo vilivyoandikwa katika nyaraka za zabuni pekee, na ikamilishe kazi katika muda usiozidi siku 30. Kila mwanakamati huwa na karatasi ya alama yenye vigezo hivyo kwa mfuatano. Anasoma kigezo cha kwanza, anatafuta ushahidi kitabuni, anaandika alama, kisha anaenda kwa cha pili. Kitabu kizuri ni kile kinachofuata karatasi hiyo hatua kwa hatua.

Chukua mfano wa kampuni ya vijana inayoomba kazi ya kukarabati madarasa ya chekechea. Tathmini ina hatua tatu: masharti ya lazima, uwezo wa kiufundi, kisha bei. Katika hatua ya pili vigezo ni hivi, na anayepata chini ya alama 70 haendelei kwenye bei:

1. Kazi tatu zinazofanana na hii, 10 kwa kila moja: alama 30
2. Wafanyakazi wenye ujuzi: alama 25
3. Vifaa na mitambo: alama 20
4. Mpango wa kazi: alama 15
5. Uwezo wa kifedha: alama 10

Kampuni hiyo ilianza kitabu chake kwa historia ya kampuni, picha na barua za pongezi, kurasa 25 kwa jumla. Hakuna kigezo hata kimoja kilichoomba mambo hayo. Mkataba wa kazi ya tatu uliwekwa ukurasa wa 41, lakini cheti cha kukamilisha kazi hiyo kikabaki ukurasa wa 83, katikati ya taarifa za benki. Mtathmini aliona mkataba usio na cheti, akaandika sufuri. Kampuni ikapata 20 kwa kazi za awali, 20 kwa wafanyakazi, 12 kwa vifaa, 10 kwa mpango na 6 kwa fedha. Jumla ni 68. Cheti kimoja kingeonekana, ingekuwa 78, na bei yake ingesomwa.

Kitabu hicho kingepangwa hivi. Sehemu ya kwanza ni masharti ya lazima, kwa mfuatano uleule wa tangazo: cheti cha usajili, cheti cha kutimiza kodi kutoka KRA, na mengineyo. Sehemu ya pili ina vipande vitano, kila kimoja kikibeba maneno ya kigezo chake kama yalivyoandikwa, bila kuyabadilisha. Chini ya kigezo cha kwanza, kazi ya kwanza inakuja na mkataba wake na cheti chake pamoja, ndipo kazi ya pili. Hati moja ikihitajika kwa vigezo viwili, nakala yake inawekwa mara mbili. Bei huja mwisho, au katika bahasha yake iwapo nyaraka zinataka bahasha mbili.

Mbele ya yote kunakaa jedwali la ukurasa mmoja lenye safu tatu: kigezo, alama zake, na ukurasa wenye ushahidi. Sheria hiyo pia inataka kurasa zipewe nambari mfululizo, kwa hiyo nambari ziandikwe mwisho, baada ya mpangilio kukamilika, kuanzia ukurasa wa kwanza hadi wa mwisho pamoja na viambatisho. Jedwali hujazwa baada ya hapo, na nakala hutolewa mwisho kabisa ili zilingane na kitabu halisi.

Jaribio la mwisho ni rahisi. Mtu ambaye hajawahi kuona kitabu apewe orodha ya vigezo na aombwe kutafuta ushahidi wa kila kimoja. Akikwama, au akiuliza "hiki kiko wapi?", hapo ndipo alama zitakapopotea.

Mpangilio una mipaka yake. Hauwezi kujaza pengo la cheti kilichokosekana, na baada ya zabuni kufunguliwa kamati inaweza kuomba ufafanuzi tu, si hati mpya ya kubadilisha zabuni. Mzabuni akigundua kwenye jedwali lake kwamba safu ya ukurasa haina nambari, afuatilie hati hiyo kabla ya siku ya kufunga.